Misuuzo mingapi inatosha? Logi inajibu kwa desimali, chombo kinataka namba kamili

Nimefanya kazi maabara kwa muda mrefu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuosha vyombo. Chupa iliyokuwa na maji ya chumvi haiwezi kupokea sampuli nyingine mpaka chumvi ishuke chini ya kiwango kilichokubaliwa. Kwa hiyo kila anayeanza kazi huniuliza swali lile lile: "Dada, nisuuze mara ngapi?" Wengine hujibiwa "mara tatu" kwa mazoea, na mazoea hayo mara nyingine yanatosha, mara nyingine hayatoshi kabisa. Mimi nimezoea kuchukua karatasi na kuwaonyesha hesabu, kwa sababu jibu lipo, na njia ya kulipata inafundisha mfuatano wa jiometri vizuri kuliko zoezi lolote nililowahi kupewa darasani.

Tuchukue chupa moja. Ukiimimina mpaka tone la mwisho, bado mililita 10 hubaki zimeshika kwenye kuta na kwenye pembe za chini. Hizo mililita 10 zina chumvi ya miligramu 12,000 kwa lita. Unaongeza mililita 40 za maji safi, unatikisa vizuri, unamimina tena mpaka zibaki mililita 10. Chumvi iliyokuwa ndani ya mililita 10 sasa imetawanyika ndani ya 50, kwa hiyo ukolezi umekuwa moja ya tano ya ule wa mwanzo. Ukirudia, unakuwa moja ya tano ya hiyo moja ya tano:

```
12,000 → 2,400 → 480 → 96 → 19.2 → 3.84
```

Huo ni mfuatano wa jiometri. Kizidishi chake ni 0.2, na kinatokana na chombo chenyewe: kilichobaki gawanya kwa kilichobaki pamoja na kilichoongezwa, yaani 10 kwa 50. Ukolezi wa mwanzo haukiathiri. Chupa yenye chumvi nyingi na chupa yenye chumvi kidogo hushuka kwa kasi ile ile ya kuzidisha, ila zinaanzia mahali tofauti.

Tuseme kiwango tunachotaka ni kisichozidi miligramu 5 kwa lita. Kwa namba hizi chache unaweza kuhesabu kwa vidole na kuona kwamba msuuzo wa nne unakuacha kwenye 19.2 na wa tano unakufikisha 3.84. Lakini kizidishi kikiwa 0.7, au kiwango kikiwa kidogo mara elfu zaidi, vidole havitoshi. Hapo ndipo ninapoandika hivi:

```
12,000 × 0.2^n ≤ 5
0.2^n ≤ 5 / 12,000
n × log(0.2) ≤ log(5 / 12,000)
n ≥ log(5 / 12,000) / log(0.2)
n ≥ (−3.380) / (−0.699) = 4.836
```

Mstari wa nne ndio ninaousisitiza kwa kila mwanafunzi. Alama imegeuka. Logi ya namba yoyote iliyo kati ya sifuri na moja ni hasi, na ukigawanya pande zote mbili kwa namba hasi, alama ya kutolingana lazima igeuke. Asiyeigeuza anapata "n isizidi 4.836", maana yake suuza mara nne au pungufu ili chupa iwe safi, na msuuzo wa sifuri nao unakubalika. Jibu la namna hiyo linajikana lenyewe, kwa hiyo kuligundua si vigumu kwa mtu anayesoma jibu lake badala ya kulinakili tu.

Sasa, hiyo 4.836 ni nini? Hakuna misuuzo minne na sehemu nane za kumi. Ama umemimina maji ukatikisa, ama hujamimina. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye uzito wote wa somo, na vitabu vingi huvuka haraka kwa maneno "zungusha kwenda juu".

Mfuatano wetu una thamani kwenye 0, 1, 2, 3 na kuendelea tu. Katikati hakuna kitu. Lakini kanuni 12,000 × 0.2^n haijui kwamba n ni idadi ya misuuzo. Ukiiwekea n iwe 2.5 itakupa namba. Ukichora thamani zote hizo, unapata mpindo laini wa kipeo unaoshuka, na vituo vya mfuatano wetu vimekaa juu yake, kimoja kwa kila namba kamili. Mpindo ni mteremko, mfuatano ni ngazi zilizochongwa juu ya mteremko huo huo. Logi hufanya kazi kwenye mteremko. Inakuambia mahali halisi ambapo mpindo unakata mstari wa miligramu 5, yaani 4.836, na kurudi kwenye ngazi ni kazi yako. Kwa kuwa tunashuka na tunataka kuwa chini ya mstari, tunakwenda kwenye ngazi inayofuata, ya tano.

Swali likigeuzwa, mzungusho nao unageuka. Mtu akiuliza, "Ni misuuzo mingapi naweza kufanya huku ukolezi ukiwa bado juu ya 5?" jibu ni nne, kwa 4.836 hiyo hiyo. Kwa hiyo sikubali kanuni ya "zungusha juu siku zote". Nauliza kwanza: upande gani wa mstari tunautaka? Kisha naangalia ngazi iliyopo upande huo.

Kuna jambo la pili linalochanganya watu, nalo ni kuhesabu kuanzia wapi. Vitabu huandika namba ya n ya mfuatano kama a × r^(n−1), ambamo namba ya kwanza ni a yenyewe na r ni kizidishi. Kwa chupa yetu namba ya kwanza ni 12,000, kabla ya msuuzo wowote. Ukitumia kanuni hiyo, 4.836 inakuwa jibu la n − 1, na n inakuwa 6. Namba sita katika mfuatano, misuuzo mitano. Zote mbili ni sahihi, zinahesabu vitu viwili tofauti. Mimi huandika juu ya karatasi, kabla ya hesabu, "n = idadi ya misuuzo", na ndiyo maana hapo juu kipeo kilikuwa n tupu. Ukiandika maana ya n kwanza, kipeo sahihi kinakuja chenyewe.

Na sasa jambo ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote. Kwa misuuzo mitano tumetumia mililita 200 za maji. Je, kama ningezimimina zote kwa mkupuo mmoja? Kizidishi kingekuwa 10 kwa 210, na ukolezi ungebaki miligramu 571 kwa lita. Maji yale yale, kazi tofauti kabisa. Nikizigawa mara mbili za mililita 100, nafika 99.2. Mara tano, 3.84. Mara kumi za mililita 20, kizidishi ni theluthi moja, nafika 0.203. Mara ishirini za mililita 10, kila msuuzo unakata nusu, nafika 0.0114.

Je, kugawa zaidi na zaidi kunashusha bila kikomo? Hapana. Ukiongeza maji kwa matone madogo mno huku kiasi kile kile kikitoka, ndani zikabaki mililita 10 zilizochanganyika vizuri wakati wote, ngazi zinakuwa ndogo kiasi kwamba huwezi kuzitofautisha na mteremko. Hapo kinachobaki ni 12,000 × e^(−20), karibu miligramu 0.000025 kwa lita. Namba 20 ni maji yote gawanya kwa yaliyobaki, 200 kwa 10. Hicho ndicho kikomo cha mililita 200 katika chupa hii, hata ukiwa na subira kiasi gani.

Hapa mfuatano wa jiometri na kipeo cha asili vinaonekana kuwa kitu kimoja. Kuzidisha kwa 0.2 ni sawa na kuzidisha kwa e^(−1.609), kwa kuwa logi asilia ya 5 ni 1.609. Kila msuuzo wa mililita 40 unasogea hatua ya 1.609 kwenye mpindo. Lakini mililita 40 hizo hizo zikiingia tone kwa tone zingesogea hatua ya 4, yaani 40 kwa 10. Tofauti kati ya 4 na 1.609 ndiyo gharama ya kwenda kwa hatua kubwa, na inatokana na ukweli kwamba logi asilia ya 1 + x siku zote ni ndogo kuliko x pale x inapokuwa chanya. Hatua ikiwa ndogo, viwili hivyo vinakaribiana na gharama inapungua. Hatua ikiwa kubwa, unamwaga maji mengi ambayo hayakubeba chochote cha maana.

Basi kwa nini tusigawe kwa mililita 10 kila siku? Kwa sababu ya mkono na muda. Kwa lengo letu la kutoka 12,000 hadi 5, tunahitaji kugawa ukolezi kwa 2,400. Mililita 10 kwa msuuzo zinahitaji logi ya 2,400 gawanya kwa logi ya 2, yaani 11.23, basi misuuzo 12 na maji mililita 120. Mililita 100 kwa msuuzo zinahitaji 3.25, basi misuuzo minne na mililita 400. Na mililita 20 zinahitaji 7.085.

Hiyo 7.085 nimewahi kuijadili kwa kirefu na kijana niliyekuwa namfundisha. "Dada, hii si saba tu?" aliniuliza. Nikamwambia aweke saba kwenye kanuni. Alipata 12,000 gawanya kwa 2,187, ambayo ni 5.49. Iko juu ya 5. Saba haitoshi, hata kama desimali ni ndogo, kwa sababu kwenye ngazi hakuna kukaribia. Lakini desimali hiyo ndogo ina habari ambayo nisingependa itupwe. Inasema kwamba tumekosa kidogo sana, na badala ya kufanya msuuzo wa nane mzima, tunaweza kurekebisha ukubwa wa hatua. Tunauliza: ili misuuzo saba igawe kwa 2,400, kila mmoja ugawe kwa ngapi? Kwa 2,400 iliyopandishwa kipeo cha 1/7, ambayo ni 3.04. Maana yake maji ya kuongeza ni mililita 20.4 badala ya 20. Tukaweka 21 ili tuwe na nafasi, misuuzo saba ikatosha, na ukolezi kwa hesabu ukawa 4.36. Mililita moja kwa kila msuuzo imeokoa msuuzo mzima. Nikiona jibu lenye desimali kama .08 au .05, siku zote natazama kama hatua inaweza kupanuliwa kidogo. Nikiona .9, najua ngazi ya juu imenipa ziada ndogo tu.

Mara nyingine chumvi yenyewe ndiyo tunayoitaka, na maji ya kusuuza hayamwagwi. Yanakusanywa. Hapo tunahama kutoka mfuatano kwenda mfululizo, yaani jumla. Mililita 10 zilizobaki mwanzoni zina miligramu 120 za chumvi. Msuuzo wa kwanza wa mililita 40 unabeba 96, wa pili 19.2, wa tatu 3.84, wa nne 0.768, wa tano 0.1536. Jumla yake ni 119.9616. Huna haja ya kujumlisha moja moja, kwa sababu:

```
S = 96 × (1 − 0.2^n) / (1 − 0.2) = 120 × (1 − 0.2^n)
```

Napenda kuisoma kanuni hii bila alama: kilichokusanywa ni chote cha mwanzo ukitoa kilichobaki. Ukiiona hivyo, hesabu ya kutafuta n kwenye jumla inarudi kuwa ile ya kwanza. Mtu anataka kukusanya angalau miligramu 119.9. Maana yake kisichokusanywa kisizidi 0.1 kati ya 120, basi 0.2^n isizidi 0.000833, na n isipungue 4.405. Misuuzo mitano. Minne ingempa 119.808.

Na akitaka 120 kamili? Ukifuata hatua zile zile, unafika mahali pa kutafuta logi ya sifuri, na kikokotoo kinaandika kosa. Akitaka 121, unatafuta logi ya namba hasi, kosa tena. Wengi hudhani wamebonyeza vibaya. Kikokotoo kimesema kweli: jumla ya mfululizo huu inakaribia 120 na haifiki, kwa hiyo hakuna n ya kupata. Kabla ya kushika logi kwenye swali la jumla ya mfululizo unaopungua, mimi hulinganisha lengo na a / (1 − r). Lengo likiwa sawa na hiyo au zaidi, kazi imekwisha hapo.

Kompyuta nayo ina tabia yake. Tuseme tunataka ukolezi ushuke mara 125 kwa kizidishi chetu cha moja ya tano. Jibu ni 3 kamili, kwa kuwa 5 × 5 × 5 ni 125. Lakini andika kwenye Python:

```
>>> import math
>>> math.log(125, 5)
3.0000000000000004
>>> math.ceil(math.log(125, 5))
4
```

Kompyuta inagawa logi mbili ambazo kila moja imekatwa mahali fulani, na mabaki madogo yanatosha kusukuma jibu kwenye ngazi isiyo yake. Upande wa pili upo pia: `math.log(1000, 10)` hutoa 2.9999999999999996, na ukizungusha chini unapata 2. Dawa ni rahisi, nayo ni kuchukua n iliyopatikana, kuiweka kwenye kanuni, kisha kuweka n − 1 na n + 1, na kuona ni ngazi ipi ya kwanza inayotimiza sharti. Fanya hivyo kwa namba kamili, kama 5 × 5 × 5 dhidi ya 125, kwa sababu kuzidisha namba kamili hakudanganyi kama logi inavyoweza kudanganya ukingoni.

Kinachobaki ni mipaka ya mfano wenyewe. Kila nilichoandika kinadhani maji ya kusuuza hayana chumvi kabisa. Tuseme yana miligramu 2 kwa lita. Basi kila msuuzo unachukua moja ya tano ya ukolezi uliopo na kuongeza nne ya tano ya 2. Mfuatano huo si wa jiometri tena. Lakini ukitoa 2 kutoka kila namba, tofauti inayobaki ni ya jiometri safi, yenye kizidishi kile kile cha 0.2. Kwa hiyo hesabu inafanywa kwenye tofauti: kutoka 11,998 hadi 3.

```
n ≥ log(3 / 11,998) / log(0.2) = 5.153
```

Sita, si tano. Baada ya msuuzo wa tano ukolezi ni 5.84, na wa sita unaufikisha 2.77. Na kama kiwango kinachotakiwa ni 2 au chini yake, tofauti inayolengwa ni sifuri au hasi, na kikokotoo kinaandika lile lile kosa tulilokwisha kuliona. Hapo kusuuza zaidi ni kupoteza maji, kinachohitajika ni maji mengine.

Utajuaje kwamba hali ni hii, wakati hujui maji yako yana nini? Pima kila msuuzo na gawanya kila kipimo kwa kilichotangulia. Kwa maji yasiyo na chumvi utapata 0.2, 0.2, 0.2. Kwa maji haya utapata 0.20 mwanzoni, kisha 0.22, 0.28, 0.47, 0.78, ukipanda kuelekea moja. Ukichora logi ya ukolezi dhidi ya idadi ya misuuzo, nukta zinashuka kwenye mstari mnyoofu halafu zinalala. Toa thamani ya sakafu hiyo, yaani ukolezi ambapo nukta zinalala, kutoka kila kipimo, chora tena, na mstari ukinyooka umeipata sakafu sahihi.

Lakini nukta zikinyooka tangu mwanzo huku uwiano ukiwa 0.3 badala ya 0.2, maji hayana kosa. Kilichobaki ndani ni zaidi ya mililita 10 ulizodhani, au hutikisi vya kutosha. Ipime chupa tupu kwenye mizani ikiwa kavu, kisha baada ya kuimimina. Gramu zinazozidi ndizo mililita zilizobaki, na kizidishi chako kipya kinatoka hapo. Zikiwa 17 na siyo 10, kizidishi ni 17 kwa 57, karibu 0.298, na kwa maji safi kabisa misuuzo mitano ya mwanzo inakuwa saba.